Jinsi ya kupanga listi ya thieta isiyokatika saa nane mchana

Kila anapopatikana msimamizi mpya wa thieta huku kwetu Kusini, iwe Lindi, Masasi, Newala au Nachingwea, simu ninazopokea wiki yake ya kwanza ni zilezile. "Dada, niliandika wagonjwa watano, tumewafanyia watatu tu, nimekosea wapi?" "Daktari bingwa ameondoka saa nane na mgonjwa wake bado yuko wodini, sasa nifanyeje?" "Nikadirie dakika ngapi kwa busha?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Safari hii nimeyaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa chumba kimoja cha upasuaji wa kupangwa kwa siku moja, kwa hospitali yenye chumba kingine cha dharura au inayoweza kukipata. Kama una chumba kimoja tu kwa kila kitu, hatua ni hizihizi, ila soma kwa makini sehemu ya dharura kule chini kabla hujaandika jina la mtu yeyote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la thieta lenye wagonjwa 10 hadi 15 waliopita wa kila aina ya upasuaji unaoupanga.
- Saa moja ya ukutani ndani ya chumba, ambayo kila mtu anaandikia kwayo. Simu za watu hazilingani.
- Ratiba ya madaktari inayoonyesha saa ya kuingia na saa ya kutoka. Saa ya kutoka ndiyo watu husahau kuuliza.
- Idadi ya seti za vifaa na muda ambao seti moja inachukua tangu kuoshwa hadi kurudi ikiwa safi na imepoa.
- Jina la mtaalamu wa usingizi wa siku hiyo, na jibu la swali hili: je, ni yeye huyohuyo anayeitwa kwa dharura?
- Namba za simu za wodi ya wazazi na maabara ya damu.
- Kompyuta yenye Excel, au kikokotoo na kalamu.

Jambo moja dogo ambalo limewahi kutuumiza. Kwenye karatasi andika saa kwa mfumo wa saa 24. "2:00" kwetu ni asubuhi, lakini daktari aliyezoea tiketi za ndege anaweza kuisoma kama saa nane mchana. Mdomoni tuseme saa mbili kama kawaida, kwenye listi iandikwe 08:00. Hapa chini nitafanya vivyo hivyo: jedwali kwa saa 24, maelezo kwa saa zetu.

1. Pima muda wa chumba, usipime muda wa kisu

Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu. Ukimuuliza daktari busha inachukua muda gani, atakwambia dakika 30, na hasemi uongo. Anahesabu tangu anapochana ngozi hadi anapomaliza kushona. Lakini chumba kimeshikwa tangu mgonjwa alipovuka mlango kuingia mpaka alipovuka mlango kutoka. Katikati kuna kumpandisha kitandani, kumsomea orodha ya usalama, kumchoma ganzi ya mgongo na kusubiri ishike, kumlaza vizuri, kumsafisha na kumfunika. Mwishoni kuna kufunga kidonda na kumhamisha. Kwa mtoto wa nusu kaputi kuna pia kumsubiri aamke na apumue vizuri mwenyewe.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu mbili zisizokosa: saa ya kuingia chumbani na saa ya kutoka chumbani. Kama daftari la sasa lina saa ya kuanza na kumaliza upasuaji tu, anza leo kuandika hizi mbili. Baada ya mwezi mmoja au miwili utakuwa na namba zako mwenyewe, na namba zako ni bora kuliko za hospitali kubwa yoyote, kwa sababu zinahesabu watu wako, kitanda chako na mashine yako ya usingizi.

Tofauti si ndogo. Chukua siku ya mfano nitakayoitumia mpaka mwisho. Wodini kuna maombi matano ya Jumanne: ngiri ya mtu mzima, ngiri ya mtoto wa miaka minne, tezi dume ya kufungua, na mabusha mawili. Kwa muda wa kisu wanaonekana hivi: 45, 30, 75, 30 na 30. Jumla dakika 210, yaani saa tatu na nusu. Mtu akiona hivyo anashawishika kuongeza wa sita. Kwa muda wa chumba ni 75, 60, 120, 60 na 60. Jumla 375, na bado hatujasafisha chumba hata mara moja.

2. Tafuta wastani na kiasi cha kuyumba

Kwa kila aina ya upasuaji, na ikiwezekana kwa kila daktari peke yake, chukua dakika za chumba za wagonjwa waliopita. Tuseme umeziandika kwenye safu ya F. Hesabu vitu viwili:

```
=AVERAGE(F2:F16)
=STDEV.S(F2:F16)
```

Ya kwanza ni wastani. Ya pili inakuonyesha upasuaji huo unayumba kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Busha la upande mmoja huyumba kidogo. Tezi dume huyumba sana, maana damu ikikataa kukoma hakuna mtu wa kuiharakisha.

Watu wengi wanapenda kuandika "muda wa kawaida", yaani ule unaoonekana mara nyingi zaidi. Usifanye hivyo. Upasuaji hauwezi kuwa mfupi kupita kiasi fulani, lakini unaweza kuwa mrefu bila kikomo. Ngiri moja iliyonasa utumbo inaweza kuchukua mara mbili ya nyingine zote. Muda wa kawaida unamsahau huyo mmoja, wastani unambeba. Na kwa kuwa unajumlisha wagonjwa kadhaa, wastani ndiyo namba pekee inayojumlishika kwa haki.

Kama una wagonjwa chini ya watano wa aina fulani, fomula haitakusaidia. Muulize daktari, kisha chukua muda mrefu zaidi uliomo daftarini. Na kama siku hiyo daktari anamfundisha mwenzake, usitumie namba zake za siku za kawaida.

3. Pima muda wa kati

Muda wa kati ni tangu mgonjwa anapotoka mlangoni hadi anayefuata anapoingia. Kwenye mfano wetu ni dakika 25. Kupiga deki, kufuta kitanda, kukagua mashine ya usingizi na kufungua seti mpya havimalizi dakika zote hizo. Zinazopotea zaidi ni za kumsubiri mgonjwa ambaye bado yuko wodini, hajawekewa kanula, hajasaini fomu ya ridhaa, au ndugu yake ndiye aliyebaki na cheti cha vipimo. Mwite anayefuata daktari anapoanza kushona ngozi ya aliyepo, akae sehemu ya kusubiria thieta. Hilo peke yake linapunguza muda wa kati kuliko kumkimbiza mtu wa usafi.

Hesabu pia seti. Kama una seti ndogo mbili, na seti moja inahitaji dakika 30 za kuosha na kufunga, dakika 60 za otoklevu pamoja na kukauka, na dakika 30 za kupoa, basi iliyotoka haionekani tena kwa saa mbili. Ngiri, mtoto na busha wakifuatana, wa tatu anaweza kuwa tayari mezani huku seti yake bado ina joto. Pakiti iliyotolewa ikiwa moto au mbichi haifunguliwi. Unyevu hupitisha vijidudu kwenye kitambaa.

4. Chora dirisha la kila daktari

Katika mfano wetu chumba kinafunguliwa saa mbili asubuhi na watumishi wanaondoka saa tisa na nusu alasiri. Hizo ni dakika 450. Daktari wa zamu anaweza ngiri ya mtu mzima na busha, naye yupo siku nzima. Daktari bingwa ndiye atakayefanya mtoto na tezi dume. Anatoka raundi kubwa saa nne asubuhi, na saa nane mchana anaondoka kwenda Mtwara. Dirisha lake lina urefu wa saa nne tu.

Hapa pana jambo linalookoa muda mwingi. Dirisha la daktari linahesabiwa kwa kisu, si kwa mlango. Mgonjwa anaweza kuingia dakika 15 kabla ya daktari, akaandaliwa na kulazwa, ili daktari anapoingia akute kazi yake inamngoja.

Lakini shika sharti hili kama sheria ya nyumbani kwenu: mgonjwa hapewi usingizi wala ganzi ya mgongo mpaka umemwona mpasuaji kwa macho yako ndani ya jengo, au umeongea naye kwa simu ya wodini akiwa hospitalini. "Yuko njiani" haitoshi. Barabara ya Mingoyo mtu anaweza kuwa njiani saa mbili.

5. Jumlisha, kisha weka akiba mara moja tu

Jumlisha dakika za chumba na muda wa kati. Kwa wagonjwa wetu watano: 375 na vipindi vinne vya dakika 25, yaani 100. Jumla 475. Chumba kina 450. Mmoja hawezi kuingia hata kama kila kitu kitakwenda kwa wastani. Ni bora umjue leo kuliko yeye akajijua kesho saa nane, akiwa hajala.

Ukiacha busha moja kwa siku nyingine, jumla inakuwa 315 na vipindi vitatu, 75. Yaani 390. Zimebaki dakika 60. Je, zinatosha kama akiba?

Wengi huongeza akiba kwa kila mgonjwa, huyu dakika 20, yule 40. Inaonekana kama uangalifu, kumbe inakula siku. Wagonjwa wanne hawachelewi wote siku moja kwa kiwango chao cha juu. Mmoja akichelewa, mwingine humaliza mapema, wanafidiana. Kwa hiyo akiba inahesabiwa kwa listi nzima na kuwekwa mwishoni.

Kuyumba kwa wagonjwa wetu ni 20 kwa ngiri, 15 kwa mtoto, 30 kwa tezi dume na 15 kwa busha. Ziandike kwenye safu ya G ya karatasi ya pili, kisha:

```
=1.28*SQRT(SUMSQ(G2:G5))
```

Jibu ni dakika 54 hivi. Ukiwa na akiba hiyo, karibu siku tisa kati ya kumi utamaliza ndani ya muda. Ungeweka akiba ya uhakika uleule kwa kila mgonjwa peke yake, ungehitaji dakika 102, na ungelazimika kumwondoa mgonjwa mwingine bure. Sisi tuna 60, tunahitaji 54. Listi ya watu wanne inakaa.

Fomula hii inadhani kuchelewa kwa mmoja hakusababishi kuchelewa kwa mwingine. Umeme ukikatika na jenereta likagoma, wote wanachelewa pamoja, na hakuna akiba ya kwenye karatasi itakayokuokoa. Hiyo ni kazi ya fundi na mafuta, ikaguliwe Jumatatu.

Na yule wa busha la pili? Andika jina lake kwanza kwenye listi inayofuata, leo hii, kwa kalamu, na umwambie tarehe. Ukanda wetu una matende, na mabusha hayaishi. Wanaume wengi huja baada ya kuuza korosho, wakati wana nauli na kazi ya shamba imepungua. Ukimrudisha mtu bila tarehe, huenda humwoni tena mpaka msimu mwingine.

6. Panga mfuatano

Sasa una watu wanne na madirisha mawili. Kuna kanuni nne tunazozifuata, na zinapogongana, ya juu inashinda:

Kwanza, dirisha la daktari. Pili, watoto na wagonjwa wa kisukari waende mapema kwa sababu ya mfungo. Tatu, mwenye usaha au kidonda kilichooza awe wa mwisho, chumba kisafishwe kwa kina baada yake. Nne, upasuaji unaoyumba sana usiwe wa mwisho wa siku, hasa kama daktari wake anaondoka.

Hiyo ya nne inabishaniwa sana. Kuna wanaosema weka mkubwa mwishoni ili asiwacheleweshe wengine. Kwa msongamano ni kweli, mfupi akitangulia watu wengi husubiri kidogo. Lakini mgonjwa wa tezi dume anahitaji mpasuaji awepo baada ya kutoka mezani, wakati mnatazama maji ya kuoshea kibofu yanatoka na rangi gani. Sitaki mimi kuwa na mrija ulioziba kwa damu iliyoganda na daktari yuko Mnazi Mmoja anaelekea Mtwara.

Jaribu la kwanza ambalo wengi huliandika ni: busha, ngiri, mtoto, tezi dume. Fuata saa zake. Busha 08:00 hadi 09:00. Ngiri 09:25 hadi 10:40. Mtoto 11:05 hadi 12:05. Tezi dume 12:30 hadi 14:30. Daktari bingwa anaondoka 14:00. Kwa wastani tu, kabla ya tatizo lolote, listi hiyo imeshavunjika, na juu ya hapo bingwa amekaa saa nzima bure tangu saa nne.

Ukitanguliza ngiri, ambayo dakika zake 75 zinajaza vizuri muda wa kumsubiri bingwa, na kumpeleka busha mwishoni, inakuwa hivi:

| Kuingia | Kutoka | Upasuaji | Mpasuaji | Mwisho wa kuingia |
|---|---|---|---|---|
| 08:00 | 09:15 | Ngiri, mtu mzima | Daktari wa zamu | |
| 09:45 | 10:45 | Ngiri, mtoto | Bingwa | |
| 11:10 | 13:10 | Tezi dume | Bingwa | 11:20 |
| 13:35 | 14:35 | Busha | Daktari wa zamu | 14:10 |

Mtoto anaingia robo saa kabla ya bingwa kutoka raundi. Bingwa akimaliza tezi dume kwa wastani, anabaki na dakika 50 za kumtazama mgonjwa. Busha linafanywa na mtu asiyekwenda popote. Seti ya ngiri iliyotoka saa tatu na robo imerudi safi zamani. Mwishoni kuna dakika 55 za akiba, na hesabu ilitaka 54.

Sharti moja: daktari wa zamu asiitwe kwenye ripoti ya asubuhi siku hiyo. Mganga mfawidhi akubali hilo kwa maandishi. Mgonjwa wa kwanza akiingia saa mbili na dakika arobaini badala ya saa mbili kamili, umetumia sehemu kubwa ya akiba kabla hata hujaanza.

7. Andika saa ya mwisho ya kuingia

Safu ya mwisho kwenye jedwali ndiyo inayokuondolea ugomvi. Chukua saa ya kikomo, toa wastani wa upasuaji, kisha toa kuyumba kwake mara 1.28. Kwa tezi dume kikomo ni saa ya bingwa kuondoka: 14:00 toa dakika 120, toa 38, unapata kama 11:20. Kwa busha kikomo ni saa ya watumishi kuondoka: 15:30 toa 60, toa 19, unapata kama 14:10.

Ikifika saa hiyo na mgonjwa hajaingia, haimaanishi anaahirishwa moja kwa moja. Maana yake hakuna mtu anayeruhusiwa kumwingiza bila kuuliza kwanza: daktari atabaki? Watumishi watabaki, na nani ameidhinisha?

8. Jioni ya kuamkia

Usiwaandikie wote "asile tangu saa sita usiku". Mzee wa busha anayeingia saa saba na nusu mchana atakaa na njaa na kiu zaidi ya saa 13. Kanuni ni mfungo wa muda wa saa sita kwa chakula chepesi, saa nne kwa maziwa ya mama, saa mbili kwa maji. Vyakula vizito vyenye mafuta mengi vinataka zaidi, saa nane. Waambie wauguzi wa wodini wazi: uji hata uwe mwepesi vipi ni chakula. Chai ya rangi isiyo na maziwa inahesabika kama maji.

Hesabu kutoka saa ya mapema kabisa ambayo mgonjwa anaweza kuitwa, si saa yake ya listi. Tezi dume ikiahirishwa, mzee wa busha ataitwa saa tano na dakika kumi. Kwa hiyo uji wake wa mwisho ni saa kumi na moja alfajiri. Mtoto apewe maji ya sukari mpaka saa moja na dakika 45 asubuhi, na mama yake aambiwe mwenyewe. Usipitishie ujumbe kwa mtu mwingine. Mtoto mwenye tatizo la tumbo au mgonjwa wa kisukari, mtaalamu wa usingizi ndiye anayesema saa zake.

Kabla ya kuondoka, piga simu maabara kuhakikisha chupa mbili za damu ya mgonjwa wa tezi dume zimeshapimwa ulinganifu na zimewekwa jina lake. "Ipo damu ya kundi lake" ni jibu la swali jingine.

9. Siku yenyewe

Listi inaangaliwa kila mgonjwa anapotoka. Tuseme ngiri ya asubuhi imekutwa na utumbo ulioshikamana, na ametoka saa 3:40 badala ya 3:15. Umechelewa dakika 25. Mtoto sasa ataingia saa 4:05, kwa hiyo tezi dume itaingia saa 5:30, dakika kumi baada ya saa yake ya mwisho.

Simu kwa bingwa inapigwa saa 3:40 hiyohiyo. Usisubiri 5:30. Mwambie kwa namba: "Daktari, tezi dume itaingia saa tano na nusu. Kwa wastani tutatoka saa saba na nusu, lakini inaweza kufika saa nane na dakika kumi. Utaweza kubaki?" Daktari anayeulizwa asubuhi ana nafasi ya kusogeza safari yake. Anayeulizwa akiwa ameshashika funguo za gari atasema hapana, na ana haki.

Akikubali, endelea. Busha litaingia saa 7:55, bado kabla ya saa 8:10. Akikataa, mgonjwa wa tezi dume ameahirishwa saa 3:40 asubuhi, anaambiwa na daktari mwenyewe, anakula, anawekwa wa kwanza kwenye dirisha lijalo la bingwa, na mzee wa busha anasogezwa mbele.

Hospitali moja niliyofanya kazi zamani tulikuwa na listi ya wagonjwa saba karibu kila wiki. Baba mmoja kutoka Liwale aliahirishwa siku mbili mfululizo, mara zote mbili saa tisa alasiri, akiwa hajatia kitu mdomoni. Siku ya tatu alfajiri kitanda chake kilikuwa kitupu. Alirudi baada ya miezi, ngiri yake imenasa. Alipona, lakini tangu siku ile sijawahi tena kumwandika mtu kwenye listi ambayo hesabu yake haijumliki.

Dharura

Kabla ya kumwingiza kila mgonjwa, hasa mrefu, piga simu wodi ya wazazi: "Kuna mama mnayemfikiria kwa upasuaji ndani ya saa mbili?" Chumba cha dharura kinaweza kuwa wazi, lakini kama mtaalamu wa usingizi ni mmoja, chumba hicho hakina faida. Hawezi kumwacha mgonjwa wa tezi dume mezani akaenda kumchoma ganzi mama wa uchungu. Mtaalamu mmoja wa usingizi, mgonjwa mmoja. Wakikwambia yuko mama mwenye mashaka, subiri dakika 20 wamkague tena. Kusubiri huko ni ndani ya akiba, ndiyo kazi yake.

Kama mtaalamu wa usingizi ni mmoja kwa hospitali nzima, ondoa dakika za upasuaji mmoja wa kujifungua, pamoja na muda wa kati wake, kwenye dakika 450 kabla ya kuanza kupanga. Utabaki na wagonjwa watatu. Wapange hao watatu, wamalizike.

Matatizo yanayojirudia

*Tunaanza vizuri lakini kila siku tunachelewa dakika 40 hivi.* Linganisha muda wa kati uliopanga na ule halisi wa wiki mbili. Karibu kila mara tatizo liko hapo. Ukikuta halisi ni 40, panga kwa 40 kwanza, kisha ndiyo upambane kuushusha.

*Tunachelewa siku za daktari mmoja tu.* Umetumia wastani wa madaktari wote. Mtengenezee wake, na umwonyeshe kwa heshima ukiwa naye peke yake. Usimpigie kelele mbele ya timu.

*Tunamaliza saa saba kila wiki.* Umeweka akiba mara mbili, ndani ya dakika za kila mgonjwa na tena mwishoni. Rudi hatua ya 5.

*Daktari anataka kuongeza mgonjwa asubuhi hiyohiyo.* Mwonyeshe jedwali na umuulize atoke nani. Kama anayeongezwa ni wa haraka kweli, ana haki ya nafasi, na anayetoka aambiwe sasa hivi, si mchana.

*Mgonjwa wa kwanza hafiki saa mbili.* Chagua wa kwanza kutoka waliolala wodini, ambaye vipimo na ridhaa vilikamilika jana. Usimweke wa kwanza mtu anayekuja alfajiri hiyo kwa kivuko cha Msangamkuu au kwa basi la kutoka Tandahimba. Na mgonjwa wa Liwale wakati wa mvua alazwe siku mbili kabla.

*Mgonjwa ametoka mezani lakini hawezi kutoka chumbani.* Chumba cha kuamkia kimejaa. Hesabu vitanda vya kuamkia kama unavyohesabu seti. Kitanda kikiwa kimoja, mtoto aliyetoka nusu kaputi anaweza kumfungia mlango mzee wa tezi dume, basi mwombe muuguzi wa wodi aje kumchukua mtoto mara tu mtaalamu wa usingizi anapomruhusu.